Chupa moja ya mahindi, skrini tano

Mabwana na mabibi shamba wana jaribio la kupima unyevu wa mahindi lisilohitaji mashine yoyote. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unaijaza mahindi hadi theluthi, unaongeza vijiko vidogo vitatu vya chumvi kavu, unafunga na kutikisa kwa dakika moja, kisha unaiacha itulie robo saa. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu unaozidi asilimia 15 na hayafai kwenda ghalani. Isiponata, unyevu uko chini ya hapo. Hatua zake zinafuatana, zinapigika picha, na kila moja inaeleweka kwa kuitazama. Ndiyo maana jaribio hili linafaa sana kuwa karuseli, yaani ile posti ya picha kadhaa ambazo msomaji anazitelezesha kwa kidole moja baada ya nyingine.

Tuseme una duka la pembejeo pale Kibaigwa na unauza mifuko ya kuhifadhia nafaka isiyopitisha hewa. Unataka wateja walijue jaribio hili kabla ya kununua mfuko, kwa sababu mahindi mabichi yakifungiwa humo yanaota ukungu, na ukungu ndio unaoleta sumukuvu. Una akaunti ya Instagram, ya TikTok, ya LinkedIn na ya X, na una Status ya WhatsApp ambayo kwa kweli ndiyo inayokuletea wateja wengi. Kinachofanyika mara nyingi ni kutengeneza picha nane za Instagram, kisha kuzimwaga zilezile kila mahali. Kwenye TikTok maneno yanaingia chini ya vitufe, kwenye X herufi zinakuwa ndogo hazisomeki, na kwenye Status watu wanatoka kabla ya kufika picha ya tano.

Sura mbaya ni tatizo dogo hapo. Kubwa ni kwamba jaribio hili lina onyo ndani yake, na onyo ndilo linalopotea. Kiwango cha juu cha unyevu kinachokubalika kwa mahindi ya biashara Afrika Mashariki ni asilimia 13.5, na chumvi inaanza kunata kwenye asilimia 15. Katikati ya hapo chumvi iko kimya. Mahindi ya asilimia 14.5 yatapita jaribio vizuri kabisa na bado yatakuwa hayajafika kiwango cha kufungiwa mfukoni. Chumvi inajua kusema "bado", lakini haijui kusema "tayari". Mtu aliyeona nusu ya posti yako ataondoka na nusu ya habari, na nusu hiyo inaweza kumtia hasara ya msimu mzima.

Kwa hiyo, kabla hujafungua Canva au programu yoyote ya kupangia picha, andika pembeni sentensi isiyoruhusiwa kupotea. Hapa ni hii: "Chumvi isiponata, usifunge bado, anika tena au pima kwa kipima unyevu." Kila uamuzi utakaofuata, wa ukubwa wa picha, idadi ya slaidi au urefu wa maelezo, unapimwa kwa sentensi hiyo. Inaonekana wapi, na ni watu wangapi watakuwa bado wapo itakapotokea?

Anza na Instagram, kwa sababu umbo lake linakaa katikati ya maumbo mengine na ni rahisi kulirefusha au kulikata. Picha ya pikseli 1080 kwa upana na 1350 kwa urefu, yaani uwiano wa 4 kwa 5, inachukua sehemu kubwa ya skrini ya simu bila kukatwa. Karuseli nzima inafuata uwiano wa slaidi ya kwanza. Ukianza na picha ya mraba ukaja kuweka ndefu katikati, ile ndefu itapunguzwa ifanane na wenzake, na kinachoondoka aghalabu ni kichwa cha habari cha juu na namba ya simu ya chini. Tangu mwaka 2025 picha kwenye ukurasa wa akaunti hazionyeshwi tena kama miraba, zinaonyeshwa kwa uwiano wa 3 kwa 4. Hesabu yake ni nyepesi: picha yenye urefu wa 1350 ikiwekwa kwenye umbo hilo inabaki na upana wa takriban 1012, kwa hiyo kila upande unapoteza kama pikseli 34. Acha ukingo wa pikseli 80 pande zote na hutakuwa na la kuhofia.

Slaidi nane zinatosha, ingawa tangu 2024 Instagram inaruhusu hadi 20. Ya kwanza ni chupa imeshikwa mkononi na maneno "Usifunge gunia kabla ya kutikisa chupa hii". Ya pili inasema kwa nini: mahindi mabichi ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ukungu, sumukuvu. Ya tatu inaonyesha vitu vinavyohitajika, na hapa lazima neno "kavu" likae mbele ya macho, kwa sababu chumvi iliyovuta unyevu wa hewa, kama inavyotokea sana Pwani, itanata hata kama mahindi yamekauka. Ya nne ni vipimo, ya tano ni kutikisa na kusubiri. Ya sita ni chupa iliyonata chumvi, picha ya karibu, na maneno "Zaidi ya asilimia 15. Rudisha juani." Ya saba ni chupa safi, na hapo ndipo sentensi yetu inapokaa. Ya nane inamwomba msomaji ahifadhi posti.

Slaidi ya pili ifikirie mara mbili. Mtu asipotelezesha mara ya kwanza, Instagram inaweza kumrudishia posti hiyohiyo baadaye ikianzia slaidi ya pili. Ikiwa slaidi hiyo inaanza na "Kwa sababu hiyo...", atakuwa anaona nusu ya mazungumzo. Iandike kana kwamba nayo ni jalada: "Mahindi mabichi kwenye mfuko uliofungwa huota ukungu."

Tuje kwenye kepsheni. Instagram inapokea herufi 2,200, lakini msomaji anaona takriban 125 tu kabla ya kukatwa, na wengi hawafungui zaidi. Kwa Kiswahili 125 ni chache kuliko unavyodhani, kwa kuwa maneno yetu ni marefu. Kitenzi kimoja kinabeba mtenda, wakati na mtendwa. Tazama mfano huu: "Usifunge gunia kabla ya jaribio hili: mahindi, chumvi na chupa kavu. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado hayajakauka." Hizo ni herufi 123 ukihesabu nafasi na alama zote, na ni maneno 18 tu. Zimeisha kabla hatujagusa onyo. Ndiyo maana ninashikilia kwamba onyo halikai kwenye kepsheni hata siku moja. Linakaa juu ya picha. Kepsheni ni mahali pa ziada: namna ya kuchota mahindi kutoka magunia mbalimbali badala ya gunia moja, namna ya kuianika chumvi yenyewe, na mahali duka lilipo. Msomaji asipoiona, hajadhurika.

Sasa TikTok. Posti za picha ziliingia huko mwaka 2022 na zinaruhusu hadi picha 35. Umbo lake ni skrini nzima ya simu iliyosimama, 1080 kwa 1920. Ukipandisha picha ya Instagram kama ilivyo, itakaa katikati na mapande meusi juu na chini, na itaonekana imeazimwa kutoka kwingine. Ukiikuza ijaze skrini, pembeni zitakatwa pamoja na maneno. Njia ninayoipendekeza ni kutandaza upya: chukua turubai la 1080 kwa 1920, weka ndani yake lile pande la 1350, na ujaze nafasi inayobaki kwa kuendeleza picha yenyewe, kwa mfano mahindi yaliyoanikwa au mbao za ghala.

Nafasi inayobaki ni 1920 kutoa 1350, yaani pikseli 570. Kishawishi ni kuigawa sawasawa, 285 juu na 285 chini. Usifanye hivyo. Chini ya skrini ya TikTok kuna jina la akaunti, mistari ya kepsheni na jina la muziki, vyote vikilala juu ya picha yako, na 285 haziwezi kuvibeba. Pandisha pande lako juu, uache kama 200 juu na 370 chini. Upande wa kulia kuna safu ya vitufe vya kupenda, kutoa maoni na kusambaza, kwa hiyo pikseli 140 za mwisho kulia ziache bila neno. Maneno yaliyokuwa katikati kwenye Instagram, yapange kuanzia kushoto. Halafu pandisha posti kama rasimu, uitazame kwenye simu yako mwenyewe kabla ya kuichapisha, kwani mpangilio wa vitufe hubadilika programu inapoboreshwa na simu hazilingani urefu.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye mwendo. Kwenye Instagram msomaji ndiye anayeamua kutelezesha, na picha inamsubiri. Kwenye TikTok picha zinaweza kujigeuza zenyewe, kila moja ikikaa sekunde chache huku muziki ukipiga. Slaidi yenye maneno 30, inayosomeka bila shida Instagram, hapa inapita kabla mtu hajafika nusu. Kwa hiyo slaidi ya nne ivunje iwe mbili: moja "Mahindi, theluthi ya chupa", nyingine "Chumvi kavu, vijiko vidogo 3". Ya tano pia: "Tikisa dakika 1", kisha "Subiri dakika 15". Karuseli inakuwa na picha kumi, kila moja maneno yasiyozidi kumi au kumi na mawili. Jipime kwa kuisoma kwa sauti ya kawaida. Ukiishiwa pumzi kabla ya picha kugeuka, punguza.

Na mpangilio wenyewe unabadilika. Kijana anayepitisha kidole TikTok usiku hakuja kutafuta elimu ya kilimo. Ukianza na sumukuvu umempoteza. Anza na matokeo: chupa mbili kando kwa kando, moja imejaa ukungu wa chumvi kwenye kioo na nyingine safi, na swali "Ipi iko tayari kufungwa?" Macho yatataka jibu, na jibu la kweli ni kwamba hata ile safi haina uhakika. Onyo letu, ambalo Instagram lilikuwa slaidi ya saba, hapa limekuwa ndio chambo cha mwanzo na hitimisho la mwisho. Kwa maoni yangu, toleo hili la TikTok ni bora kuliko la kwanza, na nisingelifikiria kama ningebaki kunakili picha tu. Ukilipenda, lirudishe Instagram siku nyingine kama posti mpya.

LinkedIn haihitaji kazi kubwa. Huko karuseli inapandishwa kama faili la PDF, kila ukurasa slaidi moja, na picha zako za 1080 kwa 1350 zinaingia bila kuguswa. Wasomaji ndio wanaobadilika: maofisa wa miradi ya kilimo, wanunuzi wa nafaka, watu wa makampuni ya mbegu, wengi wao wakiwa mbele ya kompyuta saa za kazi. Hawa ongezea ukurasa mmoja unaoeleza kiwango cha asilimia 13.5 na pengo lililopo kati yake na 15, kwa sababu ndio watakaokuuliza. Posti inabeba herufi 3,000, lakini mistari ya mwanzo kama mitatu ndiyo inayoonekana bila kubonyeza, hivyo pengo hilo litaje mstari wa kwanza. Jambo la kuangalia sana ni usahihi. Ukishachapisha unaweza kurekebisha maandishi ya posti, lakini faili lenyewe hulibadilishi, na huenda wasomaji wameshalipakua. Kosa la vijiko vitatu kuwa vikombe vitatu litaendelea kutembea kwenye kompyuta za watu.

X inakupa picha nne na herufi 280 kwa akaunti ya kawaida. Picha nne zikikaa pamoja zinapangwa mbili mbili, kwa hiyo kila moja inaonekana kwa nusu ya upana na herufi zinapungua kwa kiasi hichohicho. Usijaribu kubana slaidi nane humo. Chagua picha ya vipimo, ya kutikisa, ya chupa iliyonata na ya chupa safi yenye onyo, na maneno juu ya kila moja yawe makubwa mara mbili. Kama wasomaji wako wa X ni Wakenya wanaopenda kubishana na kuuliza, jibu maswali palepale chini ya posti, kwani majadiliano hayo yatasomwa kuliko picha.

Nimeiacha Status ya WhatsApp mwisho kwa sababu ndiko mkulima mwenyewe aliko. Wanaokuona ni wale walioihifadhi namba yako nawe ukahifadhi zao, wengi wamewahi kusimama kaunta yako. Picha inajaza skrini kama TikTok, inapita yenyewe baada ya sekunde chache, na baada ya saa 24 yote yanafutika. Anayetaka kusoma kwa utulivu hubonyeza na kushikilia kidole, lakini usimtegemee kufanya hivyo. Isitoshe picha hubanwa zinapopandishwa, na herufi nyembamba hutoka na ukungu. Tumia herufi nene, na maneno machache.

Nane ni nyingi mno hapa. Punguza ziwe nne: chupa na swali, vipimo pamoja na dakika, chupa iliyonata, chupa safi na onyo. Tumia mafaili yaleyale ya TikTok, maana umbo ni moja, ila usiandike kepsheni ndefu, kwa sababu inalala juu ya picha sehemu ya chini. Picha ya mwisho isiombe mtu ahifadhi wala afuate ukurasa. Iseme "Nijibu hapa ukikwama", kwa kuwa jibu lake linaingia moja kwa moja kwenye mazungumzo yenu. Mteja ataandika "Shikamoo, chumvi yangu imenata kidogo tu, je?" na utakuwa umejua swali ambalo picha zako hazikulijibu.

Status ina zawadi nyingine ambayo wengi hawaitumii. Kila picha inaonyesha peke yake ni nani walioitazama. Tuseme picha ya kwanza imeonwa na watu 200, ya pili 180, ya tatu 95 na ya nne 90. Huhitaji mtaalamu kukwambia kwamba watu wameondoka baada ya ya pili. Ama imejaa maneno, ama inaonekana kama imemaliza habari. Waliozima taarifa za kusoma hawahesabiwi, lakini mporomoko bado utauona. Instagram itakupa jumla ya walioona, waliohifadhi na waliosambaza, lakini haikuonyeshi kwa uwazi huo ni slaidi gani iliyowachosha. Kwa hiyo mimi hupenda kuanzia Status, nirekebishe pale watu walipotoka, ndipo nipeleke kazi Instagram na kwingine. Ni kinyume cha desturi, kwa kuwa wengi huifanya Status kuwa mahali pa kutupia makombo.

Maoni nayo ni kipimo. Wasomaji wakiuliza swali ambalo slaidi ya saba imelijibu, usiwajibu kwa hasira kwamba "soma vizuri". Hawakufika. Sogeza jibu lipande hadi slaidi ya pili au ya tatu. Wakihifadhi posti wengi lakini hakuna anayeuliza wala kuja dukani, huenda umewaandikia watu wa mjini wenye mashamba ya nyumbani, ambao watahitaji habari hiyo msimu ujao. Hao ni wasomaji halali, ila kepsheni ya Instagram iwaseme wao: "Mtumie anayekusimamia shamba."

Na hapo ndipo kila hesabu ya pikseli inapokutana na maisha. Wakitumiana, hawatumiani karuseli nzima. Wanapiga picha ya skrini ya slaidi moja na kuirusha kwenye kundi la familia, bila kepsheni, bila slaidi ya kabla wala ya baada. Kwa hiyo kila slaidi inayotoa uamuzi ibebe jina la jaribio kwa maandishi madogo juu, jina la duka chini, na uamuzi wenyewe ukiwa kamili. Kabla ya kuchapisha popote, chukua ile picha ya chupa safi peke yake, mtumie mtu mmoja ambaye hajaona kazi yako, ikiwezekana mwenye mahindi nyumbani, na umuulize: ukiona hivi utafanya nini? Akijibu kwamba atafunga magunia, rudi ukaiandike upya.